Shantie ikiua mtu: ni pigo ao ni uzembe? Kati ya miaka 2 na miaka 20 ya gereza

Hapa kwetu Butembo na Beni, mtu akifia kazini, maneno ya kwanza ambayo unasikia kwenye matanga ni mawili. Upande wa familia wanasema: «Wamemuua.» Upande wa patroni wanasema: «Ni aksida, ni Mungu.» Kisha bahasha inatembea, sanduku linanunuliwa, chakula cha matanga kinalipwa, na baada ya wiki mbili mtu mwingine ameshika pauni ya yule marehemu kwenye shimo lile lile.

Lakini sheria yetu haisemi neno moja wala lingine kati ya hayo mawili. Kati ya «wamemuua» na «ni Mungu» kuko fasi kubwa, na ndani ya fasi hiyo kuko milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mtu aliyefanya tendo baya kwa kusudi, kama kupiga ao kusukuma, bila kutaka mwenzake afe, lakini akafa. Mlango wa pili ni wa mtu ambaye hakumgusa yeyote, ila alikosa kuona mbele ao alikosa kuchukua tahadhari, na mtu akafa juu ya hiyo. Familia nyingi zinapoteza kesi sababu zinagonga mlango ambao si wao. Ndiyo maana tunataka kuieleza pole pole, kwa mfano wa shantie moja.

Shimo la mita tatu

Mfano huu tumeutunga sisi, hakuna shantie ya kweli tunayoisema. Lakini kila mtu anayeishi kwenye vilima vya Butembo ataitambua.

Patroni anajenga nyumba ya etaji kwenye muteremuko. Kuko shimo la fondasyo la urefu wa mita tatu kwenda chini, kuta zake zimesimama wima, hakuna mbao za kuzishikilia. Udongo unaotolewa unamwagwa pale pale pembeni ya shimo, maana kuupeleka mbali kunaomba watu wengine wa kulipwa. Usiku mvua inanyesha. Asubuhi, wafanyakazi wa kutwa wanaona nyufa juu ya ukingo. Mmoja anamwambia shefu wa shantie: «Shefu, udongo unapasuka, tungoje kwanza.» Shefu anajibu: «Asiyetaka kuingia aende kwao, watu wa kazi ni wengi.» Wanaingia. Saa tatu na nusu, upande mmoja unaanguka. Kijana mmoja anafunikwa mpaka juu ya kichwa, na wakati wanamaliza kumchimbua amekwisha kufa.

Kwanza tujue ni nini ilimuua. Meta kibe moja ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu ao zaidi, na ukiwa umelowa unazidi. Mtu akifunikwa mpaka kifuani tu, anaweza kufa hata kama kichwa chake kiko inje, sababu kila mara anapotoa pumzi udongo unabana na kifua hakiwezi tena kufunguka. Tena ule udongo uliowekwa pembeni ulikuwa unasukuma ukuta kwa uzito wake, na mvua ilifanya udongo uzito zaidi na ulegee. Nyufa juu ya ukingo ndiyo alama ya mwisho kabla ya kuanguka. Mambo hayo matatu, udongo pembeni, maji na nyufa, yalionekana kwa macho. Hakuna aliyehitaji diploma ya injenieri.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Shimo ni lile lile, asubuhi ile ile. Kijana anakataa kuingia, wanatupiana maneno, shefu anapandisha hasira na anamsukuma kwa mikono miwili. Kijana anaanguka ndani, kichwa kinapiga jiwe la fondasyo, anafia njiani kwenda hospitali. Shefu analia kweli, maana hakutaka kuua.

Maiti ni moja, shimo ni moja, na kwa hadithi zote mbili hakuna aliyetaka kifo. Lakini mbele ya hakimu hizo ni kesi mbili ambazo hazifanane.

Mlango wa kwanza: mkono uliopiga

Kode yetu ya penale inatoka kwa dekre ya 30 januari 1940. Imerekebishwa mara nyingi, lakini mashina yake ni yale. Artikulo ya 48 inasema juu ya mtu aliyepiga ao kujeruhi mwenzake kwa kusudi, bila nia ya kuua, na mapigo hayo yakaleta kifo. Azabu ni kifungo cha miaka 5 mpaka miaka 20.

Hapa ndipo shefu wa hadithi ya pili anaingia. Muendesha mashtaka hana haja ya kuonyesha kwamba alitaka kijana afe. Anaonyesha mambo mawili: kwamba alimsukuma kwa kusudi, hakuteleza, na kwamba kusukumwa huko ndiko kulileta kifo. Kusudi linaloangaliwa ni la tendo, si la matokeo. «Sikutaka afe» ni neno la kweli, na linamuepusha na kesi ya kuua kwa kusudi, lakini halimtoi kwenye mlango huu.

Mlango wa pili: macho ambayo hayakuangalia mbele

Artikulo ya 52 ya kode hiyo hiyo inasema kwamba ana kosa la kuua ao kujeruhi bila kusudi yule aliyeleta mabaya kwa kukosa kuona mbele ao kwa kukosa tahadhari, bila nia ya kushambulia mwili wa mwenzake. Artikulo ya 53 inaweka azabu kama mtu amekufa: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Ya 54 ni kwa majeruhi ambao hawakufa, na azabu yake ni ndogo zaidi.

Hapa ndipo tunamweka shefu wa hadithi ya kwanza, na pengine patroni pamoja naye. Hakuna aliyegusa kijana. Muendesha mashtaka anapaswa kuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kosa: shimo refu bila mbao, udongo pembeni, watu kuingizwa baada ya mvua. La pili ni kifo chenyewe. La tatu, ambalo watu wanalisahau sana, ni kamba inayofunga la kwanza na la pili: kama tahadhari ingechukuliwa, kijana hangekufa. Kama kijana angekuwa na ugonjwa wa moyo na angeanguka chini kabla ukuta haujaanguka, makosa ya shimo yangebaki makosa, lakini kamba ingekatika.

Na lile neno «ni mvua ndiyo iliua»? Tunalikumbuka hata kwa misiba mikubwa kuliko ya shantie. Tarehe 11 septemba 2020, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza maji ndani ya mashimo ya zahabu na wachimbaji karibu 50 walikufa, kadiri ya hesabu iliyotolewa na viongozi siku zile. Hatumshitaki mtu hapa. Lakini swali la artikulo ya 52 si kama mvua ilinyesha. Swali ni kama mtu mwangalifu, kwenye kiti cha yule aliyeongoza kazi, angejua kwamba mvua inaweza kuleta hayo. Inchi yetu inanyesha mvua kila mwaka, na mwezi wa septemba kila mtu anajua. Kitu kinachojulikana kwamba kitakuja, mtu hawezi kusema kilimshangaza. Ingekuwa tetemeko la inchi lililoangusha mtaa muzima, tungeongea namna ingine.

Vilevile kwa neno «yeye mwenyewe aliingia». Kosa la marehemu halifute kosa la shefu, isipokuwa kama kosa la marehemu peke yake ndilo lililoleta kifo. Kama shefu alikuwa amefunga shimo, amekataza watu, na kijana akaingia kwa siri kutafuta simu yake iliyoanguka, hapo kesi inaweza kuanguka. Lakini mtu anayeambiwa «ingia ao upoteze kazi» hakuingia kwa mapenzi yake. Kosa lake, kama liko, linaweza kupunguza pesa ya fidia, si kumsafisha aliyetoa amri.

«Lakini sheria ya kazi ilivunjwa!»

Sasa tunafika kwenye fundo ambalo linawachanganya watu wengi, hata wale waliosoma kidogo. Familia inasema hivi: Kode ya Kazi ya 16 oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi. Patroni hakufanya hivyo, basi alifanya tendo lililokatazwa na sheria. Tendo lililokatazwa likaua mtu. Basi tumpeleke kwa mlango wa kwanza, apate miaka 20.

Hesabu inaonekana nzuri, lakini haisimame. Artikulo ya 48 haisemi «tendo lolote lililokatazwa». Inasema mapigo na majeraha yaliyotolewa kwa kusudi. Kuacha kuweka mbao si pigo. Kuvunja sheria ya usalama ni ushahidi mkubwa, tena pengine ushahidi bora kuliko wote, lakini ni ushahidi wa mlango wa pili: unaonyesha kwamba tahadhari ilijulikana, iliandikwa, na haikuchukuliwa.

Wenzetu wa ngambo ya Kasindi wanakutana na swali hilo hilo kwa njia ingine. Sheria za Uganda na Kenya zilitoka kwa Waingereza. Kule, kuua bila kukusudia ni kosa moja lenye jina moja, na linaweza kufika mpaka kifungo cha maisha. Unaingia ndani yake kwa tendo lisilo halali, ao kwa kuacha wajibu wa kulinda uhai kwa uzembe unaostahili azabu. Nyumba ni moja, milango ni miwili.

Kesi mbili za Uingereza zinaonyesha vizuri milango hiyo, na zote mbili ni za watu waliofia kazini. Ya kwanza ilitoka Wales na ikaamuliwa na mahakama ya juu mwaka wa 1976. Vijana wawili wa miaka 15 walisukuma kipande cha jiwe la lami kutoka juu ya daraja wakati treni inapita. Jiwe likaingia kwa dereva na likaua mlinzi wa treni aliyekuwa amekaa pale. Hawakutaka kuua. Mahakama ilisema inatosha kwamba tendo lilikuwa la kusudi, lisilo halali, na la hatari kwa macho ya mtu yeyote mwenye akili timamu. Huo ni mlango wa kwanza.

Ya pili ni shimo, karibu sawa na la mfano wetu. Septemba 2008, karibu na muji wa Stroud, kijana wa miaka 27 aliyekuwa anapima udongo kwa kampuni ndogo inayoitwa Cotswold Geotechnical aliachwa peke yake akifanya kazi ndani ya shimo la mita 3,8 lisilo na mbao. Kuta zikamwangukia. Mwongozo wa kazi ile ulikuwa unajulikana: mtu asiingie shimo lisiloshikiliwa likipita mita 1,2. Februari 2011 kampuni ilihukumiwa, na ilipigwa faini ya pauni za Kiingereza 385.000, ilipwe kwa miaka 10. Ilikuwa kampuni ya kwanza kuhukumiwa kwa sheria yao mpya ya 2007 juu ya makampuni yanayosababisha vifo. Mkurugenzi mwenyewe hakuhukumiwa, maana kesi yake ilisimamishwa juu ya ugonjwa. Huo ni mlango wa pili. Ona kwamba hata kule, pamoja na mwongozo kuvunjwa waziwazi, hakuna aliyejaribu kusema kwamba ni sawa na kurusha jiwe juu ya treni.

Tofauti kubwa na kwetu iko hapa. Kwa Waingereza mlango wa pili ni mwembamba: uzembe wa kawaida hautoshi kwa jinai, unapaswa kuwa mkubwa sana, mpaka waamuzi waseme kwamba kitu hiki hakiwezi kuishia kwa fidia peke yake. Kwetu mlango wa pili ni mpana. Artikulo ya 52 haiombi uzembe mkubwa, inaomba kukosa kuona mbele ao kukosa tahadhari, hata kudogo. Lakini chumba kilicho nyuma ya mlango huo ni kidogo: miaka 2 ndiyo mwisho. Shefu aliyesahau kitu kimoja kwa bahati mbaya, na yule aliyeona nyufa, akaambiwa, akacheka, akaingiza watu, wote wanahukumiwa ndani ya kipimo kimoja cha miezi 3 mpaka miaka 2. Hakimu anaweza kuwatenganisha ndani ya kipimo hicho tu.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo si haki, na sisi tunaona kuko sababu ya kusema hivyo. Kode ya 1940 iliandikwa kabla ya etaji za leo na kabla ya mashimo ya leo. Lakini kazi ya kubadilisha kipimo ni ya wabunge. Familia inayojaza pengo hilo kwa kuandika «mauaji» ndani ya malalamiko inajiumiza yenyewe, maana avoka wa upande wa pili atafurahi: atauliza kusudi liko wapi, na kusudi halitapatikana.

Ni nini inabadilika kwa familia

Kuchagua mlango kunabadilisha zaidi ya miaka ya gereza. Kunabadilisha tribinali: kwa utaratibu wa kawaida, kosa ambalo azabu yake haipite miaka 5 linaenda kwa tribinali ya amani, na lile la artikulo ya 48 linaenda kwa tribinali kubwa. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba etat de siezhe ya mai 2021 ilipeleka kesi za jinai kwa mahakama za kijeshi, lakini hata mbele ya askari-hakimu milango ni ile ile miwili.

Kunabadilisha pia saa. Kosa la artikulo ya 53 linakufa baada ya miaka 3. Lile la artikulo ya 48 linangoja miaka 10. Kwa hiyo familia ya kijana wa shimo, ikikubali kuzungushwa na patroni kwa ahadi za «tutaona mwezi kesho» mpaka miaka 3 ipite bila hatua yoyote ya parke, haitakuwa tena na kesi ya jinai.

Na tuseme wazi juu ya bahasha. Kupokea pesa ya mazishi hakukatazwi, na kuelewana juu ya fidia si aibu. Lakini karatasi ambayo familia na patroni wanasaini sebuleni haifute kesi ya serkali. Muendesha mashtaka anaweza kuendelea nayo. Ila kama karatasi hiyo inasema familia «haina tena la kudai», ndiyo ile ambayo avoka atatoa siku mukiomba fidia. Kabla ya kusaini, mutu wa familia anayejua kusoma aisome kwa sauti mbele ya wote.

Kuna pia woga wa «hakuwa na kontra». Mfanyakazi wa kutwa karibu kila mara hana karatasi. Kwa artikulo ya 52 na ya 53 hiyo haizuii kitu, maana zinasema juu ya mtu, si juu ya mtu mwenye kontra. Karatasi inakuwa swali zaidi upande wa CNSS, na hata huko kukosa kontra ya kuandikwa hakuna maana kwamba hakukuwa kazi: wenzake waliofanya naye na namna alivyolipwa vinaweza kuonyesha.

Kitu kinachopotea haraka kuliko vyote ni shimo lenyewe. Kwa mfano wetu, ile mchana tu shefu atatuma watu wasogeze udongo, na kesho yake mbao zitakuwa zimesimama kana kwamba zilikuwako tangu zamani. Kwa hiyo siku ile ile, mtu mwenye simu apige picha ya shimo kutoka pande zote, na mtu asimame karibu ili urefu uonekane. Aonyeshe udongo ulikuwa umbali gani na ukingo. Majina ya waliokuwako yaandikwe kabla hawajaenda kutafuta kazi fasi ingine. Tena yaandikwe maneno yenyewe: nani alisema udongo unapasuka, alimwambia nani, na alijibiwa nini. Inspekteri wa kazi aitwe, maana ripoti yake ina uzito ambao picha ya simu haina. Na karatasi ya daktari iseme kifo kilitoka wapi: kufunikwa na udongo, ao pigo la kichwa.

Mstari huo mmoja wa daktari, na ushuhuda wa wenzake watatu, ndivyo vitakavyosema kama kijana alisukumwa ao aliangukiwa. Mama yake, kwenye matanga, hatajali tofauti hiyo, na ana haki. Lakini siku ile akiketi mbele ya parke na kuulizwa «mama, unamshitaki mtu huyu juu ya nini?», jibu lake ndilo litakaloamua kama kesi itatembea. Kama alisukumwa, aseme alipigwa. Kama aliangukiwa na ukuta, aseme: «Waliona nyufa, wakaambiwa, na wakamuingiza.» Hayo maneno matatu, yakishuhudiwa, yanatosha kufungua mlango wa pili.